Taarifa ya Upimaji wa Udongo na Mapendekezo kwa Wakulima wa Mahindi, Wilaya ya Mbozi

Kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri ya Wilaya
Nakala: Afisa Kilimo wa Wilaya, Watendaji wa Kata husika

Kati ya Julai na Agosti tulichukua sampuli za udongo katika mashamba 48 ya wakulima wadogo, kwa kina cha sentimita 0 hadi 20, na kuzipeleka maabara. Wakulima wengi walitueleza kwamba mavuno yanashuka ingawa mbolea wanaongeza kila mwaka. Majibu ya maabara yanawaunga mkono.

Mashamba 37 yana pH iliyo chini ya 5.5. Katika hali hiyo aluminiamu huyeyuka na kudumaza mizizi, na fosforasi hunaswa na udongo kabla mmea haujaifikia, kwa hiyo sehemu kubwa ya mbolea ya kupandia inayonunuliwa kwa fedha nyingi haiufikii mmea. Katika shamba moja la mteremkoni tulikuta mabua ya msimu uliopita ambayo mizizi yake ilikuwa mifupi na minene kama vidole, ilhali hatua chache kutoka hapo, palipokuwa na zizi la zamani, mizizi ilikuwa imeshuka vizuri. Mwenye shamba alidhani ni tofauti ya mbegu. Mashamba ya bondeni hayana tatizo hili, na hayahitaji chokaa.

Pendekezo la kwanza, ambalo kwa maoni yangu linapaswa kutangulia mgao wowote wa mbolea, ni chokaa ya kilimo: takriban kilo 800 kwa ekari, yaani mifuko 16 ya kilo 50, isambazwe na kuchanganywa na udongo wiki nne kabla ya kupanda, kisha udongo upimwe tena baada ya miaka mitatu. Chokaa isichanganywe na samadi mbichi wala yurea, kwani naitrojeni hupotea hewani.

Mkulima asiyemudu chokaa atumie fosfati ya Minjingu badala ya DAP, kwa kuwa huyeyuka vizuri kwenye udongo wenye tindikali; aliyeweka chokaa asiitegemee msimu huohuo, kwa sababu chokaa hupunguza myeyuko wake. Kwa kukuzia, CAN inafaa kuliko SA, ambayo huongeza tindikali. Mabaki ya mazao yasichomwe.

Gharama kubwa ya chokaa kwa mkulima mmojammoja ni usafiri. Naishauri Halmashauri iratibu ununuzi wa pamoja kupitia vyama vya ushirika, mzigo ufike katani kabla ya mwisho wa Septemba, ili chokaa ikae ardhini kabla ya mvua za Novemba. Maafisa ugani watenge shamba darasa moja kila kata, nusu yake ikiwekwa chokaa na nusu ikiachwa, wakulima wajionee wenyewe wakati wa kuvuna.

Mtaalamu wa Udongo, Timu ya Upimaji