Karo ya Muhula wa Kwanza

Wazazi wapendwa,

Karo ya wanafunzi wa kutwa itapanda kutoka shilingi 13,400 hadi 14,000. Nyongeza ni shilingi 600 kwa kila mtoto.

Sehemu kubwa ni githeri ya mchana. Gunia la mahindi la kilo 90, linalolisha watoto 9 kwa muhula, tulilinunua 3,200. Sasa ni 4,100. Hiyo ni shilingi 100 kwa mtoto. Maharagwe yametoka 110 hadi 150 kwa kilo, na kila mtoto hula kilo 4: shilingi 160. Kuni, 90. Zilizobaki, 250, ni mchango wa shule kwa NSSF ya wafanyakazi, ambao umeongezwa kisheria. Tulifikiria kupunguza maharagwe, lakini githeri ya mahindi matupu haimshibishi mtoto hadi saa kumi.

Mnaweza kulipa 7,000 siku ya kufungua, 4,000 katikati ya muhula na 3,000 wiki mbili kabla ya kufunga. Ratiba hii ikikubana, mwone mhasibu mapema mpange nyingine. Hakuna barua inayohitajika. Gunia la mahindi makavu pia tunapokea, kwa bei hiyo ya 4,100. Yenye unyevu huota ukungu stoo, kwa hivyo yaanikwe kwanza.

Mwalimu Mkuu,
Nakuru