TAARIFA YA KUANGUKA KWA TENTI YA HARUSI, MJIMWEMA, KIGAMBONI

Kwa: Afisa Mtendaji wa Kata, Mjimwema
Nakala: Mkuu wa Kituo cha Polisi, wazazi wa pande zote mbili, mwenye kiwanja
Kutoka: Katibu, Kamati ya Harusi
Tarehe: 22 Julai 2025

YAH: TENTI KUANGUKA KWA UPEPO JUMAMOSI, 19 JULAI 2025

Ndugu Mtendaji, husika na kichwa cha habari hapo juu.

Jumamosi saa 10:40 jioni tenti kubwa kati ya tatu tulizofunga ufukweni iling'olewa na upepo ikaangukia wageni. Hakuna aliyefariki. Waliojeruhiwa ni 13. Naandika mapema kwa sababu kwenye makundi ya WhatsApp tayari zinazunguka habari za majeruhi 40 na za kimbunga, na zote mbili si kweli. Banda la makuti la muuza madafu, hatua thelathini hivi kutoka pale, halikupoteza hata kuti moja.

Idadi ya watu

Kamati ilitoa kadi za watu 230. Mlangoni zilikusanywa kadi 118 za mtu mmoja na 39 za wawili, yaani wageni 196. Watoto hawakuwa na kadi. Tumewapata 14 kwa kuwapigia simu wazazi mmoja mmoja. Wapishi, wahudumu, watu wa muziki, wapiga picha, wapambaji na mafundi wa tenti walikuwa 27. Jumla waliokuwapo kiwanjani ni 237.

Tenti iliyoanguka ilikuwa ya mita 10 kwa 20, yenye meza 16 za watu wanane. Ingekuwa imejaa, tungezungumzia watu 128 chini ya mabomba. Bahati ni kwamba matarumbeta yalikuwa yameanza kulia, maharusi wako getini, na wengi walishatoka kwenda kuwapokea. Kwenye video ya mpiga picha, dakika mbili kabla ya tukio, nimehesabu vichwa 71 ndani. Hiyo ndiyo namba ninayoweza kuitetea. Anayetaja nyingine aulizwe aliipataje.

Ilivyotokea

Kuanzia saa 9 alasiri kusi ilizidi na mchanga ukaanza kuingia kwenye meza. Wageni wa upande wa bahari walilalamika, na keki ilikuwa upande huohuo. Wapambaji wakashusha mapazia ya upande wa bahari na kuyafunga mpaka chini. Walifanya kwa nia njema, na kwa kweli wageni walishukuru. Lakini tangu hapo upepo uliokuwa ukipita katikati ya miguu ya tenti ulikosa njia. Mashuhuda watatu wanaeleza jambo lilelile: paa lilivimba, likashuka, likavimba tena, kisha nguzo ya pembe upande wa bahari ikanyanyuka kutoka mchangani na nyingine zikaifuata. Fundi mmoja wa tenti aliing'ang'ania kamba mpaka ikamchuna ngozi ya viganja vyote viwili.

Tenti haikuruka mbali. Ililala upande wa bara juu ya meza, na viti vya plastiki vikaacha nafasi ambamo watu walitambaa kutoka. Mtu wa jenereta alizima umeme papo hapo bila kuambiwa, nami namtaja kwa sababu taa na nyaya zote zilikuwa zimening'inizwa kwenye mabomba hayo. Mitungi ya gesi ilikuwa jikoni, nje ya eneo hilo, na mpishi aliifunga. Tulipiga 114, lakini wageni wenyewe walishalinyanyua turubai na kuwatoa wote kabla gari la uokoaji halijafika. Mshereheshaji aliita familia moja moja kwa kipaza sauti cha mkononi hadi kila mtu akapatikana.

Majeruhi

Wanne walipelekwa hospitali jioni ileile kwa magari ya wageni. Mama wa miaka 64 amevunjika mkono wa kushoto karibu na kiganja na amefungwa plasta. Mhudumu wa miaka 22 alipigwa na bomba kichwani, ameshonwa nyuzi saba. Kijana wa muziki aliteguka bega. Mtoto wa miaka sita alilazwa usiku mmoja kwa uangalizi, akaruhusiwa Jumapili. Saba walihudumiwa palepale na mgeni ambaye ni muuguzi, wengi wao wakiwa na michubuko na majeraha ya glasi zilizovunjika. Fundi wa viganja yumo humu. Wawili walikwenda hospitali wenyewe Jumapili kwa maumivu ya shingo na mgongo. Kati ya hao 13, wageni ni 10 na watoa huduma 3. Waliotibiwa hospitali wamechukua PF3.

Ukaguzi uliofanyika

Tenti zilifungwa Ijumaa. Jumamosi saa 3:30 asubuhi mwenyekiti wa kamati, mimi na msimamizi wa mafundi tulizunguka miguu yote kumi ya tenti kubwa. Tuliona kila mguu una kamba na nondo, tukavuta kamba kwa mkono, tukahesabu mapipa sita ya maji yaliyofungwa upande wa bahari na kwenye pembe. Mapipa yalikuwa yamejaa. Tukasaini karatasi ya makabidhiano, ambayo naiambatisha.

Karatasi hiyo ni ya kweli lakini haitoshi, na hapa ndipo naomba macho yenu yatulie. Asubuhi hakukuwa na upepo. Karatasi haisemi nani anakagua baada ya hapo, wala upepo ukifikia kiasi gani watu watolewe ndani. Utabiri tuliousoma kwenye simu Ijumaa ulionyesha kilomita 35 kwa saa alasiri, na si jambo geni: msimu wa kusi Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa mara kwa mara angalizo la upepo wa hadi kilomita 40 kwa saa kwa ukanda wa pwani. Upepo ukiongezeka kasi mara mbili, nguvu yake kwenye turubai huwa mara nne.

Jumapili asubuhi nilipima tulichokikuta. Nondo zilizong'oka zina urefu wa sentimita 45 hadi 50, zimenyooka kabisa, hazijapinda. Maana yake mchanga haukuzishika. Zilitoka kama kisu kwenye siagi. Mapipa mawili ya pembe iliyonyanyuka kwanza yalikuwa na maji chini ya robo. Pipa la lita 200 likijaa maji yake ni kilo 200, likibaki robo ni 50. Hayakuvuja. Wahudumu waliyachota maji ya kunawisha wageni mikono, kwa kuwa boza la jikoni lilichelewa na hakuna aliyewaambia mapipa yale ni ya nini.

Mwenye tenti anasema chanzo ni mapazia, na kwamba yeye hakuruhusu yafungwe. Sipingi kuhusu mapazia. Lakini nondo fupi kwenye mchanga ni zake, na alikijua kiwanja kabla ya kuchukua malipo ya awali.

Maombi

Tenti, nondo na mapipa vimeachwa kama vilivyo, na mlinzi analipwa hadi Ijumaa. Tunaomba wataalamu wenu wavione kabla ya hapo. Gharama za matibabu hadi jana, shilingi 486,000, zimelipwa na kamati kutoka salio la michango, na risiti zipo. Mazungumzo na mwenye tenti ya nani azibebe yatafanyika Alhamisi saa 4 asubuhi. Tunaomba ofisi yako itume mjumbe.

Katibu, Kamati ya Harusi