Karo limefurika, naomba livutwe kesho na litengenezwe

Shikamoo Mzee. Natumaini mmeamka salama huko Morogoro. Ni mimi Mama Neema, mpangaji wako wa Mwananyamala, chumba cha uani. Jana nilikupigia mara mbili hukupokea, ndiyo maana naandika. Picha nimezituma hapo juu.

Karo limefurika. Lilianza Jumanne usiku baada ya ile mvua kubwa. Asubuhi tukakuta maji meusi yanatoka pembeni mwa mfuniko, yanapita mlangoni kwa Baba Juma hadi kwenye bomba tunapochotea maji. Tumemwaga mchanga karai 4, umeshaloa wote. Ukimwaga maji chooni hayaendi, yanarudi juu. Harufu ndiyo usiseme: usiku tunafunga madirisha na joto hili, na bado inaingia. Mwanangu mdogo ana miaka 2. Nikigeuka tu namkuta anachezea yale maji. Mzee, haya ndiyo maji yanayoleta kipindupindu. Naogopa kweli.

Naomba gari la majitaka lije kesho Jumamosi, kabla mvua haijarudi. Tafadhali mkubaliane na dereva wavute hadi tope la chini. Januari walinyonya maji ya juu tu, tope lililoganda wakaliacha, na haikufika hata miezi 3. Safari hii walimwagie maji, walikoroge, ndipo wavute. Nitakuwepo siku nzima na nitakutumia picha mfuniko ukiwa wazi. Waje na mipira mirefu, maana gari haliingii uchochoroni. Toka barabarani hadi kwenye karo ni kama mita 40.

Ila kuvuta peke yake hakutoshi. Jana fundi wa jirani alikuja kuangalia. Anasema lile shimo la pili, la kunyonyea maji, limeziba: tope limehamia huko na udongo haupokei tena. Halafu bomba la mvua la paa limeelekezwa kwenye chemba, kwa hiyo kila ikinyesha maji ya paa zima yanaishia karoni. Hilo ni kazi ya siku moja, lielekezwe mtaroni hata wiki hii. Shimo jipya tusubiri masika yaishe, kwani sasa ukichimba kidogo tu unakutana na maji. Lichimbwe upande wa mwembe, mbali na kisima cha jirani, liwe pana badala ya kwenda chini sana. Lakini mfuniko usisubiri. Umepasuka, kipande kimoja kinacheza ukikikanyaga, na watoto wanapita hapo.

Januari tulichanga 15,000 kila chumba. Tumekaa wapangaji wote 6 jana usiku, tumekubali kuchanga tena kiasi hicho hicho kwa ajili ya gari. Shimo, mfuniko na bomba la paa tunaomba uvibebe wewe, Mzee, maana hiyo ni nyumba yako.

Naomba unijibu leo kabla ya magharibi, ili nimthibitishie dereva.