Maelezo ya Ufunguzi: Utetezi wa Tasnifu ya Uzamili kuhusu Upatanisho wa Majina ya Wanyama kwa Wanafunzi wa Kiswahili, Wakiso na Gulu

Mheshimiwa mwenyekiti wa jopo, watahini wa ndani na wa nje, wasimamizi wangu wapendwa, walimu na wanafunzi wenzangu, hamjambo. Mwenyekiti ameshanitambulisha, basi naomba niingie moja kwa moja kwenye kazi.

Tasnifu hii imezaliwa na kalamu nyekundu. Nimefundisha Kiswahili sekondari kwa miaka sita, na katika miaka hiyo sidhani kuna sentensi niliyoisahihisha mara nyingi kuliko hii: "Ng'ombe inakula majani." Nilikuwa nakata ile "i", naandika "a" juu yake, naendelea na daftari linalofuata. Wiki ya pili mwanafunzi yule yule anaandika vile vile. Nikahamishiwa shule ya kaskazini, ambako watoto hawazungumzi Kiganda, nikaikuta sentensi ile ile ikinisubiri. Hapo ndipo nilipoanza kujiuliza kama ni kosa moja kweli.

Jopo linafahamu kwamba katika Kiswahili sanifu mnyama, kwa kuwa ana uhai, hupatanishwa katika ngeli ya A-WA, hata kama umbo la jina lake ni la ngeli ya I-ZI. Tunasema "mbwa analala", "mbwa wanalala". Kiganda nacho ni Kibantu, kina ngeli kama sisi, ila hakimtoi mnyama katika ngeli yake: "ente enywa amazzi" kwa ng'ombe mmoja, "ente zinywa amazzi" kwa wengi. Kiacholi ni lugha ya Kiniloti. Hakina kabisa mfumo wa ngeli wa aina hii.

Swali langu kuu, kwa hiyo, ni hili: je, wanafunzi wa Wakiso, wanaozungumza Kiganda, na wa Gulu, wanaozungumza Kiacholi, wanapokosea upatanisho wa wanyama, wanakosea kwa namna moja? Na kama sivyo, tofauti yao inatuambia nini kuhusu chanzo cha kosa?

Swali hili lina uzito nchini mwetu Uganda kwa sasa. Kiswahili kimekuwa lugha rasmi ya pili tangu marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005, kimo katika masomo ya lazima ya kidato cha kwanza na cha pili kwa mtaala wa mwaka 2020, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Madarasa yanajaa watoto wanaotoka katika lugha zisizofanana hata kidogo, nasi tunawapa zoezi moja.

Kuhusu nadharia nitapita haraka, sura ya pili inajitosheleza. Nimeegemea uchanganuzi wa makosa, hasa hoja ya Pit Corder ya mwaka 1967 kwamba kosa la mwanafunzi ni ushahidi wa kanuni anayoijenga kichwani, pamoja na dhana ya Selinker ya mwaka 1972 ya lugha iliyo njiani, ambayo si ya kwanza wala si ile inayolengwa.

Sasa mbinu. Nilichukua wanafunzi 96 wa kidato cha pili, 48 kutoka shule mbili za Wakiso na 48 kutoka shule mbili za Gulu. Hojaji ilitangulia, na kila aliyesema Kiswahili kinazungumzwa nyumbani kwao hakuingizwa katika sampuli. Kila mwanafunzi alionyeshwa picha kumi nilizozichora mwenyewe kwa penseli, bila neno lolote juu yake: tano za mnyama mmoja, tano za wanyama wengi. Alieleza kwa mdomo anachokiona, nami nikarekodi.

Naomba jopo liruhusu nikae kidogo kwenye uteuzi wa wanyama, maana ndiyo roho ya jaribio. Nilitumia ng'ombe, mbuzi, kuku, mbwa na paka. Majina yote haya hayabadiliki katika wingi. Ng'ombe mmoja, ng'ombe watatu. Jina limebaki lilivyo. Kwa hiyo katika sentensi fupi kama "ng'ombe … nakunywa maji", mzigo wote wa kuonyesha idadi unabebwa na kiambishi cha kitenzi. Mwanafunzi hana pa kujificha.

Matokeo yalipokuja, nilidhani nimefanya kazi bure. Kila kundi lilikuwa na sentensi 480. Wakiso walikosea 298, Gulu wakakosea 301. Ukihesabu makosa tu, makundi haya yamefungana, na mtihani wa kawaida wa shule ungewapa alama zile zile.

Tofauti ilijitokeza nilipotenga umoja na wingi. Katika umoja wote wanatumia "i" mara nyingi: mara 131 Wakiso, mara 142 Gulu. Katika wingi ndipo njia zinapoachana. Kati ya sentensi 240 za wingi, wanafunzi wa Wakiso walisema "zi" mara 148, na "i" mara 19 tu. Wa Gulu walisema "i" mara 126, "a" mara 22, na "zi" mara 11. Zilizobaki, kwa pande zote mbili, zilikuwa sahihi, yaani "wa". Na kwa kuwa sentensi tano za mtu mmoja haziwezi kuhesabiwa kama ushahidi wa watu watano, nilirudia hesabu kwa kumchukua kila mwanafunzi mara moja, kwa kiambishi alichokitumia zaidi katika wingi. Waliotegemea "zi" ni 34 kati ya 48 kule Wakiso, na 2 kati ya 48 kule Gulu.

Kijana mmoja wa Wakiso aliitazama picha ya ng'ombe watatu mtoni akasema, "Ng'ombe zinakunywa maji." Nikamuuliza kwa nini "zi". Akaonyesha picha kwa kidole, mmoja, wawili, watatu: "Mwalimu, si ni nyingi?" Huyu ngeli anazijua. Idadi anaipatanisha bila kusita. Kinachomkosa ni kanuni moja tu, ya uhai. Binti mmoja wa Gulu, kwa picha ile ile, alisema "Ng'ombe inakunywa maji", na nilipomwonyesha picha ya ng'ombe mmoja akairudia sentensi bila kubadilisha herufi. Kwake kitenzi bado hakijaanza kuhesabu.

Hoja ninayoitetea leo, basi, ni kwamba "ng'ombe inakula" ni makosa mawili yaliyovaa nguo moja. La kwanza linatokana na lugha ya kwanza yenye ngeli, na linahitaji somo la uhai peke yake. La pili linahitaji upatanisho wenyewe ufundishwe tangu mwanzo, umoja na wingi, kabla mnyama hajatajwa.

Upungufu mmoja nauweka mezani mapema. Kiswahili cha sokoni na barabarani nacho hutumia "i" kwa wanyama, na watoto wa Gulu wanakisikia. Hojaji yangu iliuliza kuhusu nyumbani, haikuuliza kuhusu sokoni. Kwa hiyo naweza kudai kwamba Kiganda ndicho kinachowapa wanafunzi wa Wakiso ile "zi", lakini siwezi kudai kwa nguvu hiyo hiyo kwamba ile "i" ya Gulu inatokana na Kiacholi kukosa ngeli. Jedwali la sura ya nne linaonyesha takwimu za kila shule peke yake, na ningefurahi tukianzia hapo.

Asanteni. Niko tayari kwa maswali.