Hotuba ya Mtetezi wa Pili: Maadili Hukua, Hayafuati Fasheni

Mwenyekiti, waamuzi, mtunza saa, nanyi wenzangu mliojaa hadi ngazini,

Mpinzani wa kwanza amefananisha maadili na suruali: jana zilipanuka chini, leo zinabana, kesho zitapanuka tena. Mfano mzuri, ila unamgeuka. Suruali ikirudi, hakuna anayedaiwa sababu. Mila ya kudhulumu ikirudi, kuna mtu anayeumia, naye anadai sababu.

Twendeni Pwani. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa 1873 kwa mkataba wa Sultan Barghash na Waingereza. Utumwa wenyewe uliendelea. Sheria iliacha kuutambua Unguja mwaka 1897, na pwani ya Kenya mwaka 1907. Mnaita hiyo fasheni kupita? Waulizeni watoro. Kabla ya 1907 watumwa walikuwa wakitoroka mashamba ya Malindi na kujenga vijiji vyao bara, kama Fuladoyo. Hawakungoja ladha ya zama ibadilike ndipo wajue wanadhulumiwa. Walijua tangu mwanzo. Waliochelewa kujua ni wenye mashamba na watawala. Kukua kwa maadili ndiko huko: kuupokea ushahidi wa mtu uliyekuwa ukimhesabu pamoja na minazi yako.

Najua jibu linalokuja. Mwingereza yuleyule aliyeshinikiza soko lifungwe ndiye aliyemning'inizia Mwafrika kipande shingoni, chenye alama za vidole na habari za mwajiri wake. Ni kweli. Sisi hatusemi kila mwaka ni bora kuliko uliotangulia, wala kwamba maadili mema yaliletwa na meli. Lakini kipande kilipingwa kwa hoja gani? Kwamba mtu si mali ya mwajiri. Hoja ileile iliyolaani mnada wa Zanzibar ilimrudia aliyejisifu kwa kuufunga. Fasheni haina uwezo wa kumshtaki fundi aliyeishona.

Mtasema pia kuwa utumwa bado upo. Upo. Ila mnada wa zamani ulifanyika peupe, bei ikitajwa kwa sauti. Leo anayemuuza binadamu humwandikia mkataba wa "kazi za nyumbani", kisha humnyang'anya pasipoti. Anadanganya kwa kuwa hana sababu anayoweza kuitoa mchana.

Mwisho, jambo dogo la makaratasi. Chini ya Katiba ya zamani, baba Mkenya aliyepata mtoto ng'ambo alimrithisha uraia. Mama Mkenya aliyezaa huko na mgeni hakuweza. Ibara ya 14 ya Katiba ya 2010 inasema mzazi yeyote anatosha. Mpinzani atakayesimama baada yangu asituambie kwamba nyakati zimebadilika. Atupe sababu moja, ya kumwambia mama huyo usoni, ya kuirudisha sheria ya zamani.

Mwenyekiti, niko tayari kwa maswali.