Nusu-Maisha na Tungamo Linalobaki: Maswali ya Marudio, Fizikia Kidato cha Nne

Dodoma. Muda: saa 1 na dakika 20. Kikokotoo cha kawaida kinaruhusiwa. Fanya maswali 1 hadi 5 kwanza bila kutazama majibu yaliyo chini ya kila swali, kisha malizia na zoezi la nyumbani.

Kanuni inayotumika karatasi nzima ni moja:

M = M₀ × (½)ⁿ, ambapo n = t ÷ T

M₀ ni tungamo la mwanzo, M ni tungamo linalobaki, t ni muda uliopita, na T ni nusu-maisha (ile mnayoiita hafu laifu darasani). Kabla ya kugawa, t na T ziwe katika kipimo kimoja. Ukiweka siku juu na saa chini, n itatoka lakini haitakuwa na maana yoyote.

Swali 1
Chupa ina mikrogramu 8 za iodini-131, ambayo nusu-maisha yake ni siku 8. Baada ya siku 32, (a) imebaki kiasi gani? (b) imeoza kiasi gani?

Jibu. n = 32 ÷ 8 = 4.
8 → 4 → 2 → 1 → 0.5
(a) Mikrogramu 0.5. (b) 8 − 0.5 = mikrogramu 7.5.

Hesabu yenyewe ni nyepesi; alama hupotea kwenye kusoma. Swali likisema "iliyooza", jibu la 0.5 ni sifuri hata kama mishale yako yote iko sawa. Kosa jingine ni kugawa 8 kwa 4 kwa sababu nusu-maisha ni nne, ukapata 2. Kila nusu-maisha hukata nusu ya kilichopo wakati huo, haikati kiasi kilekile kila mara. Kwa hiyo baada ya nne umegawa kwa 2 × 2 × 2 × 2 = 16.

Swali 2
Teknesiamu-99m ina nusu-maisha ya saa 6. Gari limeondoka Dar es Salaam saa 12 asubuhi likiwa na dawa yenye megabekereli 800, likafika hospitali Dodoma saa 9 alasiri siku hiyohiyo. Dawa imefika na megabekereli ngapi?

Jibu. Anza na saa. Mwenye haraka hutoa 12 − 9 akaandika saa 3. Kutoka saa 12 asubuhi hadi saa 6 mchana ni saa 6, na hadi saa 9 alasiri ni saa 3 zaidi: jumla saa 9.

n = 9 ÷ 6 = 1.5
800 × (½)^1.5 = 800 × 0.3536 ≈ megabekereli 283

Hapa ndipo wengi hukwama, kwa kuwa n si namba nzima. Baada ya saa 6 za kwanza zimebaki 400. Zile saa 3 za mwisho ni nusu ya nusu-maisha, na mwanafunzi husema: "nusu-maisha nzima ingetoa 200, basi nusu yake itoe 100, zibaki 300." Hapana. Mchoro wa kuoza ni mkunjo unaoshuka kwa kasi zaidi mwanzoni, kwa hiyo nusu ya kwanza ya muda hula zaidi ya nusu ya upungufu. Asiye na kikokotoo agawe 400 kwa kipeuo cha pili cha 2, yaani 1.414, apate 283. Jibu lolote lililofika 300 au kuizidi, lifute.

Megabekereli hupima kasi ya kuoza, nayo ni sawia na tungamo, ndiyo maana kanuni haibadiliki. Megabekereli 800 za teknesiamu-99m ni kama nanogramu 4.1 tu, kiasi ambacho hakuna mizani ya maabara ya shule itakayokiona. Kwa hiyo wa hospitali hawataji gramu.

Swali 3
Kifaa cha kupima mshindilio wa udongo kwenye ujenzi wa barabara kina mikrogramu 120 za sesiamu-137 (nusu-maisha miaka 30). Itapita miaka mingapi hadi zibaki mikrogramu 15?

Jibu. 120 → 60 → 30 → 15. Hesabu mishale, usihesabu namba. Namba ni nne, mishale ni mitatu. n = 3, t = 3 × 30 = miaka 90. Aliyeandika 120 amehesabu namba.

Swali 4
Kaunta ya Geiger, bila sampuli yoyote karibu, inasoma mapigo 20 kwa dakika. Ukiweka sampuli inasoma 340 kwa dakika. Dakika 24 baadaye inasoma 60. Tafuta nusu-maisha ya sampuli.

Jibu. Ondoa kwanza mionzi ya mazingira katika masomo yote mawili:
340 − 20 = 320
60 − 20 = 40
320 → 160 → 80 → 40: mishale 3. T = 24 ÷ 3 = dakika 8.

Usipoiondoa unapata kama dakika 9.6, namba inayofanana kabisa na jibu sahihi, na hilo ndilo balaa lake. Mapigo hayo 20 hayapungui pamoja na sampuli: yanatoka angani na kwenye miamba. Graniti, kama hii tunayoiona kwenye vilima vya Dodoma, ina urani, thori na potasiamu kidogo ndani yake. Basi usikariri mionzi ya mazingira kutoka kitabuni. Pima ya chumba ulichomo.

Swali 5
Utafiti wa madini ya urani umefanyika Bahi na Manyoni. Chukua gramu 238 za urani-238 tupu (nusu-maisha miaka bilioni 4.5), ambayo mwishowe huwa risasi-206. Baada ya nusu-maisha moja, zimebaki gramu ngapi za urani, na zilizooza zimekwenda wapi?

Jibu. Urani iliyobaki: gramu 119. Zilizooza ni nusu moli. Nusu moli ya risasi-206 ni gramu 103. Kila atomu njiani hutoa chembe 8 za alfa, yaani heliamu: 0.5 × 8 × 4 = gramu 16. Jumla 103 + 16 = 119.

Kinachopungua ni urani, si jiwe. Ukiandika kwamba "jiwe la kilo 2 litabaki kilo 1", umekosa: risasi inabaki humohumo ndani, na hata heliamu nyingine hunaswa kwenye fuwele. Tungamo linalogeuka nishati ni dogo mno, hesabu hii hailioni.

Zoezi la nyumbani
(i) Sodiamu-24, nusu-maisha saa 15. Gramu 2.4 zitabaki ngapi baada ya siku 2 na saa 12?
(ii) Radi-226, nusu-maisha miaka 1600. Sehemu gani imeoza baada ya miaka 4800?
(iii) Poloni-210, nusu-maisha siku 138. Baada ya siku 414 zimebaki gramu 2.5. Mwanzo zilikuwa ngapi?
(iv) Robo tatu ya radoni-222 imeoza kwa siku 7.6. Nusu-maisha yake ni ngapi?

Majibu: (i) gramu 0.15, (ii) ⅞, na aliyeandika ⅛ arudi Swali 1, (iii) gramu 20, hapa unazidisha kwa 2 mara tatu kwa sababu unarudi nyuma, (iv) siku 3.8, kwani robo iliyobaki ni mishale miwili.