Dua ya Pamoja Kwenye Bomba la Maji, Yumbe, Uganda, Siku ya Arobaini Tangu Mapigano

KIONGOZI: Karibuni nyote. Mliosimama juani sogeeni chini ya mwembe, kivuli kinatosha wote. Wazee wa koo, mashehe, mapadre, wachungaji, mama zetu wa pande zote mbili, wenyeji na wakimbizi, tunawashukuru kwa kufika. Dua hii tumeiandika watu wanne wa dini mbalimbali, kila mmoja akafuta maneno ya mwenzake. Kikikukwaza kitu humo, lawama tugawane.

Nikisema "Ee Mwenyezi," itikieni: "Tusikie, utupatanishe."

Majina ya marehemu hayatasomwa hapa. Yatasomwa misikitini, makanisani na majumbani. Tulijaribu kuandika orodha moja, tukakwama kwenye jina la kwanza liwe la upande gani. Mungu anayajua yote, na hata huko kukwama kwetu anakujua.

Sasa tutulie. Tuombe.

Ee Mwenyezi,

WOTE: Tusikie, utupatanishe.

KIONGOZI: Wewe uliyetuumba, wengine tunakuita kwa Kiaringa, wengine kwa Kibari, wengine kwa Kiarabu cha Juba. Leo tunakuomba kwa Kiswahili, maana hapa karibu hakuna aliyenyonyeshwa kwa lugha hii, basi hakuna atakayejiona mwenye nyumba na mwenzake mgeni. Unajua pia wapi wengi wetu tuliisikia kwanza. Tuliisikia kwenye vizuizi vya barabarani, kwa askari wenye bunduki. Simama! Shuka! Kitambulisho kiko wapi? Kuna wazee hapa ambao hadi leo wakisikia Kiswahili mikono inataka kupanda juu yenyewe. Ee Mola, lugha iliyotutisha tumeileta mbele zako. Itakase vinywani mwetu.

Ee Mwenyezi,

WOTE: Tusikie, utupatanishe.

KIONGOZI: Tunakuja na aibu. Haikuwa vita ya wafalme. Ilikuwa jerikeni ya njano, ya lita 20, yenye kifuniko cha gunzi la mahindi. Ilikuwa imewekwa kwenye foleni tangu alfajiri, mtu akaisogeza nyuma kwa mguu. Msichana mwenye jerikeni akasema neno. Akajibiwa neno. Kufikia adhuhuri watu wazima walikuwa wameshika mapanga. Jioni nyasi za mapaa zinawaka, mihogo ya mtu imeng'olewa na haijakomaa, na kina mama wanakimbia porini na watoto migongoni, wenyeji kwa wakimbizi, kila mmoja akimkimbia mwenzake.

Hatusemi jerikeni ndiyo iliyoua. Maji yalikuwa machache tangu kiangazi kianze. Kuni zilikuwa zimekwisha karibu, mbuzi wameingia mashambani, na maneno ya chini chini yalikuwa yamelimbikizwa siku nyingi. Tuliyasikia, tukayapita. Sisi viongozi wa dini tuliyasikia mapema kuliko wengine, kwa sababu watu hutuambia. Utusamehe sisi kwanza.

Ee Mwenyezi,

WOTE: Tusikie, utupatanishe.

MZEE WA WENYEJI: Mungu wa baba zetu, mimi nakumbuka. Amin alipoanguka mwaka 1979, na mwaka uliofuata, watu wa huku tuliikimbia nchi hii. Wengine walishika njia ya Zaire, wengine ya Sudani. Tulilala kwa watu wa Yei na Kajo Keji. Walitupa mahali pa kulima na mbegu za mtama. Mama yangu aliteka maji kwenye visima vyao miaka mingi, na sijasikia akisimulia kwamba alirudishwa. Mwaka 2016, watoto na wajukuu wa watu hao walipovuka mpaka, nasi tukatoa ardhi ya makazi yao, Bidi Bidi. Tulifanya vema. Kisha tukaanza kuhesabu. Mola, unisamehe nilivyohesabu fadhila yangu nikasahau deni langu.

MAMA WA WAKIMBIZI: Mungu, mimi nilifika hapa na sufuria moja na watoto watatu. Mwanamke wa kijiji hiki alinipa chumvi siku ile, hata jina langu hakuuliza. Siku ya moto nilipita mbele ya nyumba yake, nikaona inaungua, nikaendelea kukimbia. Sikupiga kelele kumwita mtu. Nimeisema mbele yako, naye yuko hapa ananisikia.

(Kimya kidogo.)

KIONGOZI: Ee Mwenyezi,

WOTE: Tusikie, utupatanishe.

SHEHE: Ewe Mola, wewe ndiwe As-Salaam, na amani inatoka kwako. Warehemu waliotutoka, wa kwetu na wa kwao. Utufundishe kumlilia marehemu wa upande wa pili bila kuona tumemsaliti wetu. Hili ni gumu, hatujifanyi limeshatokea.

PADRE: Bwana, waponye waliojeruhiwa. Yule kijana aliyepoteza mkono, umpe kazi ya mkono uliobaki na rafiki asiyemwonea huruma kila saa. Watoto wanaoamka usiku wakilia moto, uwape usingizi. Walioua, uwafikishe mbele ya sheria wasikie kesi yao kwa haki. Asiyehusika asibebeshwe kosa kwa sababu ya kabila lake, jina lake au upande wa barabara anaolala.

MCHUNGAJI: Baba, tunakuomba neno moja. Kwa Kiswahili hiki, panga ni chuma kinachokata, na panga ni amri ya kuweka vitu kwa utaratibu. Tuondolee la kwanza, utuachie la pili. Tupange foleni. Tupange zamu za ulinzi, vijana wa pande zote pamoja. Tupange siku ya kuiita kamati ya maji, wanawake wawe wengi ndani yake, maana wao ndio wanaoshinda hapa. Na fundi wa bomba aje kabla halijakauka kabisa.

Ee Mwenyezi,

WOTE: Tusikie, utupatanishe.

KIONGOZI: Hapa hapa Yumbe, tarehe 24 Desemba 2002, waliokuwa msituni na bunduki walitia saini ya amani na serikali. Waislamu na Wakristo waliamka kesho yake, ikiwa Krismasi, vita ile imekwisha. Baadhi ya waliokuwa msituni wamekaa leo kwenye viti hivi, wana mvi na wajukuu. Umewahi kutufanyia hili, Mola. Ndiyo maana tunathubutu kukuomba tena.

Atakayeudhika kesho, na ataudhika mtu, umpe subira ya kufika kwa mwenyekiti kabla hajafika kwa ndugu zake. Uvumi ukija kwenye simu usiku, uzito uingie kwenye kidole kinachotaka kuutuma.

Sasa kila mmoja akuombe kimya kimya kama alivyofundishwa nyumbani kwao, mikono wazi au imefumbatwa, amesimama au amepiga magoti.

(Kimya, dakika mbili.)

KIONGOZI: Pokea maombi yetu. Wengine watasema Amin, wengine Amina. Semeni kwa sauti, zichanganyike.

WOTE: Amin. Amina.

KIONGOZI: Mama wawili, mmoja wa kijiji na mmoja wa makazi, watashika mpini wa bomba pamoja. Jerikeni ya kwanza ni ya kunawa mikono, tutapitishiana. Ya pili ni ya wagonjwa walioko kwenye zahanati. Baada ya hapo, wenye jerikeni wapange foleni kuanzia kwenye lile jiwe, na yule msichana wa siku ile, kama yuko tayari, awe wa kwanza.